Windows ya Duka Moja: Kutoka Ni Bure, Kurudi Hakuna

Baadhi ya kompyuta huuzwa zikiwa na Windows 11 Home katika hali iitwayo S mode, ambayo hukataa programu yoyote isiyotoka katika duka la Microsoft. Kizuizi hicho, kilichoanza na Windows 10 S mwaka 2017, kinalenga kuzuia programu hasidi.

Kujitoa hakulipiwi. Mtumiaji hufungua Settings, System, kisha Activation; chini ya Switch to Windows 11 Home huchagua Open Store na kubonyeza Get. Sehemu ya Upgrade your edition of Windows isichanganywe na hiyo, kwani huelekeza kwenye toleo la kulipiwa.

Akishatoka, hawezi kurejea. Busara ni kuitafuta kwanza programu anayoihitaji dukani humo.