Bonyeza Moja: Kuandika Menyu ya Simu ya Benki kwa Lugha Mbili

Ukijua Kiswahili na Kiingereza, ipo siku ofisini kwako mtu atakuletea karatasi na kusema, “Wewe si unaongea Kiswahili? Tutafsirie hii.” Leo tuchukulie karatasi hiyo ni menyu ya simu ya benki: ile sauti inayokupokea kabla hujaongea na binadamu. Benki yenyewe iko Dar es Salaam, na wateja wake wengine wako Muscat, Leicester na Toronto.

Kumbuka anayesikiliza hana kitu cha kusoma. Neno likipita, limepita. Kwa hiyo tafsiri inayopendeza kwenye karatasi inaweza kumpoteza kabisa mtu aliyeshika simu.

Kazi kwanza, namba baadaye

Wengi huandika hivi: “Bonyeza moja kujua salio, mbili kuzuia kadi, tatu kujua saa za kazi.” Hebu isome kwa sauti, haraka kidogo. Umesikia? “Salio mbili.” “Kadi tatu.” Namba ya chaguo linalofuata imegandana na chaguo lililotangulia, na aliyetaka salio anabonyeza mbili. Halafu kuna shida ya kumbukumbu. Ukitaja namba kwanza, msikilizaji inabidi aishike kichwani kabla hajajua kama inamhusu. Taja kazi kwanza: akisikia “kujua salio” na ndicho anachotaka, masikio yanasimama, na namba inayofuata haimtoki.

Menyu yetu inakuwa hivi:

```
LUGHA
Karibu. Kwa Kiswahili, bonyeza moja.
For English, press two.

MENYU (SW)
Kama kadi yako imepotea au imeibwa, bonyeza moja.
Kujua salio, bonyeza mbili.
Kujua saa za kazi, bonyeza tatu.
Kuongea na mhudumu, bonyeza sifuri.

MENYU (EN)
If your card is lost or stolen, press one.
For your balance, press two.
For opening hours, press three.
To speak to an agent, press zero.
```

Kadi iliyopotea imewekwa juu kwa sababu mwenye shida hiyo hana muda wa kusubiri. Kila dakika mwizi anaweza kuitumia. Pia namba ni zilezile kwa lugha zote mbili. Wewe uliye Leicester ulisikia menyu kwa Kiingereza, bibi Temeke anaisikia kwa Kiswahili, lakini ukimwambia “bibi, bonyeza mbili,” nyote mnafika kwenye salio.

Angalia na neno la kadi. Watu mtaani husema “kufunga kadi”, lakini kwenye benki “kufunga akaunti” ni kuimaliza kabisa, na mteja mwenye wasiwasi anaweza kuogopa kuendelea. Sema “kuzuia kadi isitumike”. Na mteja akitakiwa kusubiri, sema “tafadhali subiri”. Ukimwambia “shikilia laini” kwa kufuata Kiingereza, atajiuliza ashike nini.

Fedha zinazosikika vibaya

Hapa ndipo pagumu. Mashine haina rekodi ya kila kiasi cha pesa. Inaunganisha vipande: “laki”, “tatu”, “elfu”, “arobaini”, “na”, “tano”. Kwa Kiingereza elfu huja baada ya namba yake, kwa hiyo msikilizaji anajua elfu zimeishia wapi. Sisi kwa kawaida tunaitanguliza: elfu arobaini.

Sasa chukua wateja wawili. Mmoja ana shilingi 345,000. Mwingine ana shilingi 340,005. Ukiandika kwa mtindo wa kawaida, mashine itamwambia kila mmoja: “Laki tatu na elfu arobaini na tano.” Maneno yaleyale! Binadamu angeweka pumziko dogo kabla ya “na tano” ya mwisho, na ungemwelewa. Mashine inayounganisha vipande haijui kupumzika mpaka uiambie. Matokeo yake huyu wa pili anadhani ana karibu shilingi elfu tano zaidi, anajaribu kuzitoa, anakataliwa, kisha anapiga simu akiwa amekasirika.

Dawa yake ipo ndani ya Kiswahili chenyewe: peleka elfu nyuma ya namba yake. Wa kwanza atasikia “laki tatu, arobaini na tano elfu”. Wa pili atasikia “laki tatu, arobaini elfu, na shilingi tano”. Neno “elfu” sasa linafunga kundi lake kama mlango. Usiogope kwamba si mpangilio uliozoea kuusikia nyumbani. Watu huutumia hivyo hivyo wanapotaka namba isichanganywe.

Jambo moja la kumwambia anayerekodi: kila namba isomwe mara mbili, mara moja kwa sauti ya katikati ya sentensi na mara moja kwa sauti inayoshuka mwishoni. Bila hivyo “arobaini” itashuka kama vile sentensi imeisha, na mtu atakata simu kabla ya zile tano.

Saa ya nani?

Tuseme tawi linafunguliwa 8:30 asubuhi na kufungwa 4:00 jioni kwa saa ya Kiingereza. Kwa Kiswahili ni “kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni”. Tofauti ni saa sita, kwa sababu saa zetu za mchana zinahesabiwa kuanzia jua linapochomoza. Wengi tuliokulia nje tunalijua hili, lakini mkono ukiwa na haraka unaandika “hadi saa nne”. Mteja wa Dar akisikia hivyo ataelewa benki inafungwa saa nne asubuhi, yaani 10:00, na hatakwenda mchana. Kwa hiyo kila saa ifuatwe na asubuhi, mchana, jioni au usiku, ili kosa likiwepo lisikike mapema.

Kwa wanaopiga kutoka nje, ongeza “kwa saa za Afrika Mashariki”, kwenye lugha zote mbili. Benki ikifungwa saa kumi jioni Dar, Muscat ni saa kumi na moja jioni. Leicester ni saa saba mchana wakati wa baridi, na saa nane wakati wa kiangazi.

Kuijaribu kabla ya kurekodi

Usimpe mtu karatasi akusomee makosa. Mpigie simu shangazi au mjomba, msomee menyu mara moja tu kwa mwendo wa kawaida, kisha muulize: “Kadi ikiibwa, unabonyeza ngapi?” Akisitasita, sentensi ndiyo yenye tatizo. Kisha msomee zile salio mbili na mwambie aandike tarakimu. Akiandika 345,000 mara zote mbili, rudi kwenye “elfu”.

Mwisho, pima muda. Sentensi ya Kiswahili mara nyingi ina silabi nyingi kuliko mwenzake wa Kiingereza, kwa hiyo menyu yake itachukua muda mrefu zaidi. Usimwambie msomaji akimbie ili zilingane. Mwombe fundi amruhusu mteja kubonyeza hata kabla sauti haijamaliza, na asipobonyeza chochote menyu irudiwe mara moja, kisha apelekwe kwa mhudumu.

Haya, kazi ya wiki hii: mwandikie salio la shilingi 1,200,008 mashine isiyojua kupumzika. Tuletee jibu lako, tutalisoma kwenye kipindi kijacho.