Siku tupu si "Hapana"

Ukijaza fomu ya swali la "Ndiyo" au "Hapana" kila siku, muhtasari wa wiki usizichanganye siku zilizojibiwa "Hapana" na siku ambazo hazikujibiwa kabisa. Tuseme swali ni "Umetembea leo?", na wiki ina "Ndiyo" 4, "Hapana" 1, siku 2 tupu. Ukigawa kwa 7 unapata asilimia 57. Ukigawa kwa 5 ni 80. Mimi ningeacha asilimia kabisa, skripti inayoandaa muhtasari Jumatatu asubuhi iandike tu: "Ndiyo 4, Hapana 1, bila jibu 2." Hapo unaona kama kilicholegea ni matembezi au ni kujaza fomu, na dawa zake ni tofauti.

Pia fomu iwe na swali la tarehe husika, safu B. Anayejaza saa sita na nusu usiku, safu ya `Timestamp` humhesabia siku mpya, na jibu la Jumapili linahamia wiki inayofuata. Fomula ya Jumatatu, majibu yakiwa safu C:

```
=COUNTIFS(B:B,">="&TODAY()-7,B:B,"<"&TODAY(),C:C,"Ndiyo")
```

Kwa "Hapana", badilisha neno la mwisho tu. Siku tupu ni 7 kutoa jumla ya hesabu hizo mbili, mradi hakuna siku iliyojazwa zaidi ya mara moja.