Rangi ya Kucha Haina Kosa

Mwezi uliopita likelemba yetu ya Kasubi ilipiga kura, na mimi nikashindwa kumi na moja kwa moja. Imeamuliwa kwamba emoji tatu zisionekane tena kwenye grupu letu la WhatsApp: mkono unaopakwa rangi ya kucha 💅, uso unaogeuza macho juu 🙄, na ule unaokata jicho 😒. Atakayetuma analipa faini ya shilingi 2,000. Sababu iliyoandikwa kwenye daftari la katibu ni neno moja: dharau.

Kwenye kikao sikuachiwa nimalize maneno yangu, basi nayamalizia hapa. Najua wasomaji wa Nakivale na Kyaka mna magrupu kama letu, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mko ndani ya mengi ya hayo magrupu. Kesi yetu inaweza kuwa yenu kesho.

Kwa wasioijua likelemba: sisi ni wanawake kumi na wawili, wengi wetu wa kutoka Bukavu na Uvira. Kila Jumapili kila mmoja anaweka 20,000, na mmoja anabeba zote, 240,000. Hiyo ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo ada ya mtoto. Likelemba haina karatasi ya mahakama. Inasimama kwa kuaminiana tu, na kuaminiana kwetu kunajengwa na utani wa kwenye simu, kutoka Jumatatu mpaka Jumamosi.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Jumatatu usiku mmoja wetu alituma picha ya sombe iliyoungua. Mwingine akauliza, "Hii ni sombe ama makaa?" Tukacheka mpaka usiku wa manane. Mwenye sombe akajibu, "Mwenye wivu alale njaa 💅." Hakuna aliyeudhika. Asubuhi yake, mkubwa wetu, yule tunayemwita Yaya wote, akaandika: "Wapendwa, Jumapili hii sitaweza kuweka. Mtoto ana malaria, franga zote zimeenda kwa dawa." Chini ya maneno hayo ikaingia 💅. Peke yake, bila neno. Ilitoka kwa shoga yangu, yule yule aliyeuliza kuhusu makaa.

Yaya hakujibu. Alitoka kwenye grupu. Jumapili hakuja, na ya pili hakuja, na aliyekuwa na zamu alibeba 220,000 mwenye nyumba akimsubiri mlangoni. Nilipoenda kumwona Yaya, aliniuliza kitu kimoja tu: "Juu ya nini ananizarau? Mtoto wangu ni mchezo?"

Nilimfuata shoga. Akaapa kwamba hajamjibu Yaya hata siku moja. Nikamwambia nipe simu. Na kweli, kwenye simu yake ile 💅 ilikaa moja kwa moja chini ya "mwenye wivu alale njaa", na ujumbe wa Yaya ulikuwa chini yake. Kwenye simu zetu sisi kumi na mmoja ilikuwa kinyume. Bando lake lilikuwa limekwisha usiku ule. Ukituma kitu bila bando, WhatsApp inakiweka pembeni na alama ndogo ya saa, inasubiri mtandao. Yeye alikiona kimeshakaa pale kwenye skrini, akalala. Asubuhi aliponunua bando, kile kidole cha rangi kikaondoka na kutua juu ya kidonda cha mtu mwingine.

Kikao kizima kilisikia habari hii, na bado kikapiga marufuku picha. Mimi nasema tulihukumu kisu tukamwacha mkono. Na siyo kwamba Yaya alikosea. Yaya alisoma sawasawa kile alichokiona. Picha ile, peke yake, chini ya habari ya mtoto mgonjwa, ni dharau hata kama aliyetuma ni malaika. Picha ile ile, usiku uliopita, baada ya maneno na kicheko, ilikuwa mapenzi. Maana ya 💅 inatoka kwenye kile inachokijibu, na kwa nani.

Nina haki ya kuizungumzia hii picha kuliko wengi, kwa kuwa kazi yangu ni kupaka kucha. Natembea na kikapu cha chupa karibu na soko la Kasubi. Mwanamke akishapakwa, kwa dakika kadhaa hawezi kushika kitu chochote. Anatandaza vidole, anavipuliza, anaviangalia. Ukimletea maneno wakati huo, anakusikia vizuri sana, ila hakuangalii. Hapo ndipo maana ya picha ilipotoka. Anayetuma 💅 anasema: nimekusikia, na haijanigusa. Huo ni uchovu? Hapana. Aliyechoka hapaki kucha. Hiyo ni kuringa, na kuringa kunahitaji mtazamaji. Mama zetu wa pwani walifanya hivyo hivyo kwa kanga yenye kijembe, na kwenye taarabu wakaenda kumtunza mwimbaji wakicheza polepole mbele ya mtu wao. Rafiki ukimringia, anajua ni mchezo, kwa sababu yeye naye ana kucha.

🙄 ni kitu kingine kabisa, na ndugu zangu wa kikao wanaikosea wakiiweka chungu kimoja na 💅. Kugeuza macho juu ni kusema "umeanza tena". Hapa uchovu upo, siwezi kukataa, ila ni uchovu wa maneno, siyo wa mtu. Na ili nichoke na hadithi yako lazima niwe nimeisikia mara kumi. Nani amesikia hadithi zako mara kumi kama siyo rafiki? Kwa rafiki, 🙄 ni cheti cha miaka mingi. Kwa mgeni ni tusi, kwa kuwa mgeni hajapata muda wa kuchoka nawe.

Hata hivyo, msiiamini sana sura yake. Simu za Samsung za kabla ya 2018, ambazo bado zinauzwa kuukuu hapa Kampala, zilichora uso huo ukiwa na furaha, kama mtu anayekumbuka kitu kitamu. WhatsApp ina michoro yake, lakini kwenye meseji ya kawaida mmoja anatuma kununa, mwingine anapokea tabasamu. Na hata mchoro ukiwa ule ule, hatukubaliani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani waliwaonyesha watu emoji zile zile, za mchoro mmoja, na mara moja katika kila mara nne hivi watu hawakukubaliana kama ni nzuri, mbaya au ya katikati. Tena hao ni watu walioulizwa kwa utulivu, bila mtoto mwenye homa mgongoni.

Ya tatu, kukata jicho, ndiyo ninayoiogopa mimi mwenyewe. Watu wanatumia 😒, na wengine 👀, macho mawili yanayotazama pembeni. Mkato wa jicho haulengi maneno yako, unakulenga wewe. Unasema: nakuona, na ninalo la kusema ila silisemi. Kati ya marafiki ni uchokozi mtamu: "Jana ulikuwa na nani kule Nakulabye? 👀" Lakini iweke chini ya hesabu ya likelemba, bila neno, na umemwita mweka hazina mwizi mbele ya watu kumi. Kama lazima tufunge kitu kimoja, ningefunga hicho, na mahali hapo tu.

Najua jibu la shoga wengine: "Aah, ni utani tu, mbona mnakuwa wakali?" Hilo nalo silipokei. Utani siyo kichaka cha kujificha. Tanzania bara utani una watu wake na zamu yake. Mtani wako anakutukana hata msibani, lakini siku hiyo hiyo ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Anayekutania lazima uweze kumrudishia, na siku ya shida lazima aje. Kwa hiyo mimi nina swali moja tu la kupimia emoji yoyote: je, naweza kukurudishia? Nikiweza, ni mchezo. Nisipoweza, ni dharau, hata ukicheka.

Hapa nawageukia nyinyi wa mashirika, kwa heshima. Mwaka jana jirani yangu alimwandikia ofisa mmoja mara ya tatu kuuliza faili lake limefika wapi. Akajibiwa 🙄. Labda ofisa yule alikuwa na meseji mia mbili siku hiyo. Labda kwake ilikuwa ni njia ya kusema "hata mimi mfumo huu umenichosha". Inawezekana kabisa. Lakini jirani yangu angeweza kumrudishia 🙄? Hangethubutu. Alikaa wiki mbili bila kuuliza tena, akiogopa amekuwa mzigo. Kwa mtu anayesubiri sahihi yako, picha yako haina utani ndani yake. Mwandikie neno: "Bado, uliza Ijumaa." Na upande wa pili, mkiona kwenye grupu letu 💅 na 🙄 zinaruka kama panzi, msikimbilie kuandika kwenye ripoti kwamba wanawake wanagombana. Mara nyingi siku ya kuogopa ni ile ambayo grupu limenyamaza, kila mtu anajibu "sawa".

Na hilo ndilo faini ya 2,000 imetuletea. Tangu kura ile, tunaandikiana "sawa". Juzi mmoja alisema mume wake amefukuzwa kazi, akajibiwa "sawa" nne mfululizo. Hakuna aliyetozwa. Niambieni, hiyo "sawa" haikuwa baridi kuliko kucha zote za Kampala?

Yaya alirudi. Shoga alimpelekea simu yake mkononi, akamwonyesha jinsi meseji zilivyokaa, na walilia na kucheka pamoja. Hakuna kanuni iliyowapatanisha. Ilikuwa ni kuangalia skrini ya mwenzako kabla ya kumhukumu.

Kwa hiyo kwenye kikao cha Jumapili ijayo ninarudisha hoja yangu, na nimeiandika fupi ili wasinikatize. Faini ifutwe. Badala yake: mtu akileta shida, ugonjwa au hesabu ya fedha, ajibiwe kwa maneno kwanza, picha baadaye. Anayejibu utani wa juu aushike ule ujumbe kwa kidole na kuuambatisha, ili kila simu ione anajibu nini. Na aliyeumia aulize, "hii ni yangu?" kabla ya kutoka grupu.

Wakinishinda tena kumi na moja kwa moja, nitalipa 2,000 yangu mapema. Mnajua nitatuma nini.