Biki ao ordinateri: mwanafunzi wa Koni aulize kwanza anasoma nini

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, familia nyingi za Koni zinazopeleka mtoto kusoma Likasi zinakutana na swali moja: pesa kidogo iliyowekwa inunue ordinateri, ao ibaki kwa minervali, silabusi na nauli? Mtoto anasema bila mashini atabaki nyuma, kwa sababu wenzake wanaandika kwa klavie na wanamaliza kabla profesa hajafunga mdomo. Baba anasema yeye alisoma kwa kaye na biki, na kazi aliipata. Kila mmoja ana kipande cha ukweli. Jibu linategemea somo lenyewe, kasi ya yule anayefundisha, na tabia ya mtoto mbele ya ekran.

Tuanze na kasi, maana ndiyo sababu ya kwanza wanafunzi wanayotoa. Profesa anayesema kawaida anatoa zaidi ya maneno 100 kwa dakika moja. Mkono wa mwanafunzi, hata akikimbia, unaandika karibu maneno 20 ao 25. Kwa klavie, yule aliyezoea anafika 40 ao zaidi. Mwenye biki anapoteza maneno matatu kwa kila manne, kwa hiyo analazimika kuchagua: hili ni muhimu, lile ni mfano tu, hili liko tayari katika silabusi. Mwenye mashini anachagua kidogo, kwa sababu vidole vyake vinafuata sauti kwa karibu zaidi.

Hapo ndipo watafiti Pam Mueller na Daniel Oppenheimer waliangalia, katika kazi waliyotoa mwaka 2014 huko Amerika. Walionyesha wanafunzi video za mafundisho, wengine wakiandika kwa mkono, wengine kwa ordinateri. Wa ordinateri waliandika maneno mengi zaidi, karibu 310 kwa wastani, wakati wa mkono waliandika karibu 173. Lakini maandishi ya ordinateri yalikuwa na maneno mengi yaliyonakiliwa kama yalivyotoka kinywani mwa mwalimu, na kwa maulizo ya kuelewa walipata pointi chini. Walipoambiwa waache kunakili neno kwa neno, waliendelea kunakili vilevile.

Magazeti mengi yalichukua kazi hiyo na kutangaza kwamba biki imeshinda. Walikwenda mbio sana. Watafiti wengine walirudia jaribio hilo, na mwaka 2021 kundi la Heather Urry lilikuta tena kwamba mashini inaleta maneno mengi na kunakili kwingi, lakini tofauti ya pointi katika maulizo yaliyofuata mara moja haikuonekana wazi. Basi tabia ya kunakili ni ya kweli, ila madhara yake yanategemea ni nini kinachoandikwa na mwanafunzi anafanya nini na maandishi hayo baadaye. Mtu anayemwambia mtoto wake kwamba ordinateri inaharibu akili anasema zaidi ya kile kilichojulikana.

Sasa tuingie darasani, kwenye somo ambalo mtoto wa Koni analijua tangu anazaliwa. Santrali ya Koni iko juu ya mto Lufira, chini ya ile ya Mwadingusha. Mwadingusha ilianza mwaka 1930, Koni ikafuata mwaka 1950, ikipokea maji yaleyale yaliyokwisha kufanya kazi juu. Tuseme profesa wa elektromekaniki anaeleza santrali ya namna hiyo. Anachora baraji, bomba kubwa linaloteremka, turbini, alternateri, kisha mshale unaoonyesha kimo cha maji kinachoanguka. Pembeni anaandika:

```
P = 9,81 × Q × H × η
```

P ni nguvu kwa kilowati, Q ni kiasi cha maji kwa metre kibu kila segonde, H ni kimo kwa metre, na ile herufi ya Kigiriki mwishoni, eta, ni randema, yaani sehemu ya nguvu ya maji inayotoka kweli kuwa kuran. Anatoa mfano wa darasani: maji 20, kimo 50, randema 0,85. Hesabu inaleta kilowati karibu 8 340, ni kusema megawati 8 na kidogo.

Mwenye kaye amechora mambo yote hayo kwa dakika mbili. Mchoro wake si mzuri, baraji inafanana na ukuta wa nyumba, lakini mshale wa H unaanza mahali pake na unaishia mahali pake, na hilo ndilo interogasyo itauliza. Mwenye mashini amekwama. Klavie yake haina eta mbele ya macho. Anaweza kuitafuta katika menyu ya alama, lakini profesa ameshafuta ubao nusu. Basi anaandika haraka herufi inayofanana nayo:

```
P = 9.81 * Q * H * n
```

Mchoro anaupiga picha kwa telefone, akijiambia ataubandika jioni.

Juma linalofuata profesa anafika kwenye alternateri. Anaeleza kwamba kasi ya kuzunguka inafuata idadi ya jozi za nguzo za sumaku, na kwa kuran yetu ya herzi 50 anaandika:

```
n = 60 × f / p
```

Kwa jozi 10 za nguzo, n ni 300, yaani mizunguko 300 kwa dakika. Sasa katika faili moja la mwanafunzi yule kuna n mbili. Moja ni randema, haipiti 1 hata siku moja. Nyingine ni kasi, inahesabiwa kwa mamia. Mwezi mmodi ukipita, karibu na mitihani, anafungua faili, anachukua n = 300, anaiingiza katika fomula ya kwanza, na anapata kilowati 2 943 000. Hiyo ni megawati 2 943, zaidi ya Inga 1 na Inga 2 zikijumlishwa pamoja kwa nguvu zilizojengewa, kwa maji 20 tu yaliyoanguka metre 50. Mtoto aliyekulia karibu na santrali angestuka mara moja akiona namba hiyo. Lakini yule aliyenakili bila kupitisha neno kichwani hana kitu cha kumstua.

Kosa hilo halitokani na uvivu. Linatokana na chombo kisichokaa vizuri na somo. Hesabu, fizikia, kemia yenye mistari ya molekuli, dessin teknike, elektrisite yenye skema za sirkwi: masomo hayo yote yanaandikwa kwa pande zote za karatasi, juu, chini, pembeni, na mishale katikati. Mkono unaweza hivyo. Klavie inakwenda mstari kwa mstari. Wako wanafunzi waliojifunza kuandika fomula kwa mashini kwa amri maalumu kama `\eta`, na wanakwenda vizuri, lakini hiyo ni kazi ya miezi, na anayeanza mwaka wa kwanza asihesabie ujuzi ambao hajaupata. Na ile picha ya telefone inabaki ndani ya telefone, katikati ya picha za harusi.

Haki, historia na sosiolojia ni habari nyingine. Huko profesa mara nyingi anasoma kwa sauti, anataka artikle iandikwe kama ilivyo, na neno moja likibadilika sheria nayo imebadilika. Hapo klavie inasaidia kweli. Utafiti wa Dung Bui na wenzake, mwaka 2013, ulionyesha jambo la kufikiria: waliopewa kazi ya kunakili kwa ordinateri walikumbuka zaidi jaribio lilipofuata mara moja, lakini siku moja ikipita bila kurudia, waliokuwa wamepanga na kufupisha ndio waliokuwa mbele. Waliporuhusiwa kusoma maandishi yao kabla ya jaribio, wanakili walirudi mbele. Kwa mwanafunzi wa haki maana yake ni hii: mashini inakusanya mali, lakini mali hiyo inaoza usiku mmoja isipoguswa. Kurasa nane za leo zifupishwe leoleo jioni kuwa ukurasa mmoja, na afadhali ukurasa huo uandikwe kwa mkono, maana mitihani mingi ya kwetu ingali inaandikwa kwa biki kwenye karatasi, na mkono usiozoea unachoka saa ya pili.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi hawalioni na maprofesa wengi wanajifanya hawalioni. Mashini iliyofunguliwa katika oditwari haina notisi peke yake. Ina filme, ina mazungumzo, na kama kuna megabaiti, ina dunia nzima. Mwaka 2013 huko Kanada, Faria Sana na wenzake walijaribu: wanafunzi waliofanya mambo mengine kwa ordinateri wakati wa somo walipata pointi asilimia 11 chini ya wenzao. Hilo halishangazi. Linaloshangaza ni jaribio la pili. Wanafunzi walioandika kwa karatasi, bila kugusa mashini yoyote, lakini waliokaa mahali wanapoona ekran za wengine zikicheza, walishuka kwa asilimia 17. Jirani aliumia bila kosa. Mtoto aliyenunuliwa kaye tu kwa sababu familia haikuwa na njia anaweza kupoteza somo kwa ajili ya filme ya mwenye mashini aliyekaa mbele yake, na hakuna anayemlipa.

Kwa hiyo maprofesa wa Likasi na wakuu wa masomo wana kazi ndogo wanayoweza kuifanya bila franka hata moja. Wenye ordinateri wakae safu za nyuma, ili ekran zao zisionekane na mtu isipokuwa ukuta. Anayechora ubaoni asifute kabla ya kuuliza nani hajamaliza. Na anayesoma silabusi yake neno kwa neno kwa saa mbili ajiulize kwa nini wanafunzi wote wanataka klavie.

Kwa familia ya Koni, hesabu inaanza na ratiba ya masomo. Kama mtoto anaingia elektrisite, mine ao kemia, mwaka wa kwanza apewe kaye kubwa zisizo na mistari mingi, kurasa zake azipigie namba kwa mkono, na ordinateri ingoje wakati wa raporo na TFC. Kama anaingia haki, mashini ya okazyo inaweza kufaa, lakini batri ijaribiwe dukani kabla ya kulipa: ichomolewe kwenye kuran, iachwe ikifanya kazi, na muuzaji angoje pamoja na mnunuzi. Ikizimika kabla ya saa mbili, haitamaliza somo moja la asubuhi siku kuran imekatika, hata kama maji ya Lufira yanazungusha turbini pale karibu na nyumbani.