‘Iboreshe kidogo’ inavyoziponza nembo za klabu

Msimu mpya ukinukia, simu ya kijana anayetengeneza mabango mjini huanza kupokea picha. Ni nembo ya klabu, imepigwa kwa simu kutoka kwenye barua ya zamani, kona moja imekunjwa. Chini yake kuna ujumbe mfupi: “Iboreshe kidogo kijana wangu, iwe ya kisasa.” Basi. Hakuna kingine.

Kijana anakesha. Anaongeza kivuli, anapaka dhahabu pembeni, anaifanya ngao ing’ae kama kikombe. Asubuhi anaituma. Jibu linarudi: “Bado haijakaa.” Anabadilisha herufi. “Bado.” Mara ya nne anaambiwa arudishe ile ya mwanzo, na hela ya kazi inaanza kupigwa danadana. Huku nyuma fundi wa jezi anasubiri, na mechi ya kwanza iko wiki mbili mbele.

Lawama zote humwangukia kijana. Hapo ndipo viongozi wengi wa soka wanapojidanganya. “Iboreshe” si maelekezo. Kocha hawezi kumwambia beki “cheza vizuri” halafu akategemea ajue amkabe nani kwenye kona. Mbunifu naye anahitaji kuambiwa nembo inamfelisha nani, wapi, na kitu gani kisiguswe.

Tuchukue mfano wa klabu ya ligi ya mkoa katika mji wa pwani. Ngao yake ina jahazi, mpira, nyota mbili, mikono inayoshikana, mwaka 1987, kaulimbiu, na utepe wenye jina refu la klabu. Rangi ni sita. Mwenyekiti anataka iwe “na nguvu”. Mbunifu anayejua kazi hafungui kompyuta hapo hapo. Anauliza.

“Shikamoo mwenyekiti. Hii nembo inakukera ukiiona wapi?”

“Marahaba. Kwenye jezi bwana. Mtu akiwa jukwaani haoni kitu, anaona doa tu.”

“Na ukiniambia nguvu, unamaanisha iwe na rangi kali, au ionekane kwa mbali?”

“Ionekane kwa mbali.”

Maswali mawili tu, na neno “nguvu” limeshuka kutoka hewani. Sasa ni kitu kinachopimika: mtu aliye jukwaani alione jahazi. “Kisasa” nalo linashushwa vivyo hivyo. Mwenyekiti anaombwa aonyeshe nembo tatu anazozipenda, na kwa kila moja aseme anapenda nini. Akisema zote “zina vitu vichache”, basi kisasa chake ni uchache wa vitu. Wala hakuhitaji dhahabu.

Kinachofuata ni kuangalia nembo inapokwenda kufanya kazi. Kwenye jezi itadariziwa kwa upana wa sentimita 7 hivi. Ule utepe una herufi 30, na nafasi yake ni kama sentimita 6. Gawanya mwenyewe: kila herufi inapata milimita 2. Uzi wa mashine ya kudarizi hauwezi kuchora herufi ndogo kiasi hicho ikasomeka, zinashikana na kuwa kama tope. Mistari myembamba chini ya milimita 1 nayo humezwa na kitambaa. Kwa hiyo doa analoliona mwenyekiti halijatokana na ubaya wa mchoro. Vitu vimezidi nafasi.

Rangi sita nazo zina bei. Kwa fundi anayechapa kwa skrini, kila rangi inataka skrini yake. Klabu inayochangishana nauli ya ugenini haina sababu ya kulipia skrini sita wakati tatu zinatosha.

Halafu linakuja swali ambalo viongozi hulisahau: kipi kisiguswe? Everton ya England ililijua hilo kwa maumivu mwaka 2013. Klabu ilitaka nembo nyepesi, inayochapika vizuri kila mahali, na sababu hiyo ilikuwa ya maana. Lakini katika kupunguza vitu ikaondoa kaulimbiu yake ya Kilatini, ile inayosema hakuna kinachotosha ila kilicho bora kabisa. Mashabiki walichachamaa, zaidi ya 20,000 wakatia saini kupinga. Klabu iliomba radhi, ila jezi za msimu wa 2013/14 zilikuwa zimeshapita hatua ya kurudi nyuma. Safari ya pili mashabiki walishirikishwa, wakapiga kura kati ya michoro mitatu, na nembo iliyoanza kuvaliwa msimu wa 2014/15 ikarudi na kaulimbiu yake.

Haina maana kwamba kila klabu lazima ibaki na kaulimbiu kifuani. Maana yake ni kwamba waulizwe wanaoivaa kabla mtu hajashika kifutio. Kwenye klabu yetu ya pwani, wazee wa tawi wanaweza kusema nyota ziondoke na mikono iondoke, lakini jahazi likiguswa hapatakalika. Hilo ni jibu zuri sana kwa mbunifu, kwa sababu linampa uhuru wa kukata vingine.

Baada ya mazungumzo hayo, maelekezo ya kazi yanaenea kwenye nusu ukurasa:

“Nembo itadariziwa kwenye jezi kwa sentimita 7, itakaa kwenye duara la picha ya WhatsApp, na itagongwa kwenye mhuri. Jahazi, bluu na nyeupe visiguswe. Jahazi lichukue angalau nusu ya upana wa ngao. Rangi zisizidi tatu. Maneno yabaki jina fupi na mwaka 1987. Jina refu na kaulimbiu vikae kwenye barua. Tuletewe kwanza michoro miwili ya penseli, tuchague mmoja, kisha marekebisho yasizidi mara mbili. Anayepitisha ni katibu peke yake.”

Sentensi ya mwisho ndiyo inayookoa urafiki. Kamati ya watu tisa ikianza kutuma maoni kwenye kundi, kila mmoja na ladha yake, nembo itageuka sambusa iliyojazwa kila kitu.

Mchoro ukirudi, mtu asiulize “imependeza?” Ajaribu. Auchapishe kwa upana wa sentimita 7, aubandike kwenye jezi, asogee hatua 20. Jahazi linaonekana? Auchapishe kwa wino mweusi tu, kama mhuri. Bado ni jahazi, au limekuwa wingu? Aupunguze ufikie sentimita 1, saizi ya duara la simu. Unaofeli unarudi na sababu yake: “tanga limeshikana na ngao kwenye mhuri.” Hilo kijana atalirekebisha jioni hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni faili. Picha inayotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa, na ikikuzwa kwenye bango inapasuka kuwa vidoti. Klabu idai mchoro wenyewe katika `SVG` au `PDF`, utumwe kama hati, uhifadhiwe na katibu. Bila hivyo, kijana akihama mji, msimu ujao klabu itapiga tena picha ya ile barua iliyokunjwa kona.

Maelekezo haya hayaleti kipaji kwa asiye nacho. Mchoraji mbovu atachora jahazi bovu hata akiandikiwa kitabu. Lakini angalau ubovu utaonekana kwenye penseli, kabla jezi hazijashonwa, na kiongozi hataweza kujificha nyuma ya “bado haijakaa”.