Grafu Inaanzia Wapi? Neno kwa Walimu Watarajiwa

Mwaka 2019, mwaka ambao soko la madini la Geita lilifunguliwa, tulikuwa Nyahanga, mjini Kahama, tukikagua mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja mwalimu mwanafunzi alikuwa akifundisha grafu za nguzo, na kwa kuwa watoto wengi wa pale ni wana wa wachimbaji wadogo, alichagua mfano wa bei ya dhahabu. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara. Lakini grafu yenyewe aliinakili kutoka katika karatasi iliyogawiwa mtaani na watu waliotaka wananchi wachange fedha za kununua dhahabu na kuiweka. Ilikuwa na nguzo tatu. Ya mwaka 2016 ilikuwa fupi kama kisiki, ya 2017 ilikuwa ya wastani, na ya 2018 ilisimama kama mlingoti. Mwalimu akauliza ni mwaka upi bei ilikuwa kubwa kuliko yote, watoto wakajibu kwa pamoja, na kipindi kikaisha. Baadaye alitudokezea kwamba yeye mwenyewe alikuwa akifikiria kuchanga fedha yake ya kujikimu.

Tangu siku ile tumeshikilia rai moja: somo la grafu linaloishia kwenye kusoma urefu wa nguzo halijakamilika. Kabla mtoto hajasoma nguzo hata moja, hana budi kuuliza maswali mawili. Mhimili wa wima unaanzia namba gani? Na mhimili wa mlalo unaanzia mwaka gani, kwa sababu gani?

Na tulianze swali la kwanza kwa kuichora upya grafu ya Nyahanga. Katika soko la London wastani wa bei ya wakia moja ya dhahabu ulikuwa takriban dola za Kimarekani 1,251 mwaka 2016, dola 1,257 mwaka 2017, na dola 1,268 mwaka 2018. Namba hizo ni za kweli, na karatasi ile haikuzibadili. Hila ilikuwa katika mhimili: ulianzia 1,250 badala ya sifuri. Chukua karatasi ya grafu, anzia 1,250, na kila dola moja ipe nusu sentimita. Nguzo ya 2016 itakuwa na urefu wa nusu sentimita, ya 2017 sentimita tatu na nusu, na ya 2018 sentimita tisa. Jicho linaona kwamba bei imeongezeka mara 18. Sasa chora nguzo zizo hizo kuanzia sifuri, kila sentimita ikiwa dola 100. Urefu utakuwa sentimita 12.5, 12.6 na 12.7, tukikadiria hadi milimita iliyo karibu. Nguzo zinakaribia kulingana, nao huo ndio ukweli: katika miaka ile miwili bei ilipanda kwa dola 17, yaani kama asilimia 1.4 tu.

Hapa mwalimu aeleze sababu, asitoe amri tupu. Katika grafu ya nguzo kinachosema ni urefu wa nguzo nzima; ukiikata chini umeikata maana yake. Kwa hiyo nguzo sharti zianzie sifuri. Grafu ya mstari ni tofauti kidogo, kwa kuwa inaonyesha mwendo wa kupanda na kushuka, na pengine mwendo huo hauonekani vyema bila kuanzia juu ya sifuri. Hilo laruhusiwa, ila mchoraji aweke alama ya mkato chini ya mhimili, aandike namba waziwazi, na aeleze mabadiliko kwa asilimia. Apendaye kukuficha jambo aghalabu huziacha namba za mhimili, akabakiza mshale unaopaa.

Swali la pili ni gumu zaidi, kwa maana mhimili wa wima unaweza kuwa safi kabisa na bado grafu ikadanganya. Ugawe darasa katika makundi matatu, na kila kundi ulipe tarehe mbili. Kundi la kwanza lianze Januari 1980, bei ilipofika dola 850, na liishie Julai 1999, ilipokuwa karibu dola 253. Kundi la pili lianze hapo 1999 na liishie Septemba 2011, bei ilipofika dola 1,895. Kundi la tatu lianze hapo 2011 na liishie Desemba 2015, ilipokuwa karibu dola 1,050. Kisha kila kundi lisimame na kutoa taarifa. La kwanza litasema kwamba mwenye dhahabu alipoteza kama asilimia 70. La pili litasema kwamba aliongeza fedha yake zaidi ya mara saba. La tatu litasema kwamba alipoteza kama asilimia 45. Dhahabu ni ileile, soko ni lilelile, na hakuna kundi lililosema uongo. Muuzaji wa mwaka 2011 alichagua kusimulia kama kundi la pili, nao walionunua kwa kumsikiliza wakawa wa kundi la tatu.

Mwanafunzi mwerevu atauliza ikiwa sisi nasi hatukuchagua tarehe. Tulichagua. Dola 850 ilikuwa kilele cha siku moja. Wastani wa mwaka mzima wa 1980 ulikuwa zaidi kidogo ya dola 600. Tena tukiishia 2015 tunaficha kwamba mwezi Agosti 2020 bei ilivuka dola 2,000. Mfano wetu ulikusudiwa kufichua hila, na kwa hiyo wenyewe haufai kuwa taarifa ya mwenendo wa dhahabu.

Taarifa ya haki huandaliwa namna nyingine. Kwanza, tumia wastani wa kila mwaka badala ya siku ya kilele au ya bonde. Pili, weka kanuni ya pa kuanzia kabla hujaziona namba: ama miaka yote iliyopo, ama miaka 5, 10 na 20 iliyopita, zote tatu kwa pamoja, hata ile isiyopendeza. Tatu, linganisha na kupanda kwa bei za vitu. Aliyenunua kwa dola 850 mwaka 1980 na kuuza kwa dola 1,050 mwishoni mwa 2015 anaonekana amepata dola 200. Lakini katika muda huo bei za vitu nchini Marekani zilipanda takriban mara tatu, hivyo kwa hakika amepata hasara. Nne, ondoa gharama. Bei ya London si fedha mkononi mwa mtu wa Kahama: mnunuzi hukata sehemu yake, na dhahabu iliyofungiwa sandukuni haizai riba.

Na hata grafu iliyotimiza yote hayo inasimulia yaliyopita tu. Mwaka ujao haumo ndani yake.

Mwalimu yule wa Nyahanga alirudia somo lake wiki iliyofuata, akiwa na grafu mbili ubavuni mwa nyingine, ya 1,250 na ya sifuri. Mtoto mmoja alizitazama kwa muda, akauliza: "Mwalimu, aliyechora ile ya kwanza alitaka tufanye nini?" Ndugu walimu watarajiwa, kipindi cha grafu kikileta swali hilo, kimefika mwisho wake.