Mapitio ya Maandiko si Daftari la Mahudhurio

Mwanafunzi anayeandika historia ya majengo ya Peramiho huanza hivi: Ebner (1959) anasema, Mapunda na Mpangara (1969) wanasema, Redmond (1975) anasema. Huko ni kuita majina darasani. Vipange upya vifungu hivyo. Kama hakuna kinachoharibika, hakukuwa na hoja.

Lililofichwa na orodha hiyo ni ugomvi. Misheni iliyoanzishwa mwaka 1898 iliteketezwa mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji. Je, waliochoma walikuwa wakipiga nini? Mapunda na Mpangara, wakitegemea masimulizi ya wazee, wanauona upinzani dhidi ya utawala wa kigeni. Redmond anaona tofauti: watawala wa Kingoni walipigania hadhi waliyopokonywa. Kwa jibu la kwanza, kanisa lilikuwa sehemu ya dola. Kwa la pili, lilikuwa mshindani wa Nkosi. Majengo yaliyofuata husomeka tofauti kwa kila jibu.

Basi aya ianze na dai, si jina. Kwa kila chanzo andika sentensi moja: kinadai nini, kwa ushahidi gani. Ebner, mtawa Mbenedikto, aweza kuingia katika aya mbili, kama shahidi wa misheni na kama mwanahistoria wa Wangoni. Hilo si kosa. Kosa ni kumfungia katika aya yake peke yake.

Wasimamizi wenzangu, tunaohesabu vyanzo badala ya kuuliza nani anambishia nani, ndio tuliowafundisha kuita majina.